Wasifu wa msanii katika kitabu cha programu ya tamasha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutufikia kila msimu wa tamasha, mengi kwa simu na mengine kwa sauti za wasap. Yanatoka kwa wanamuziki, vikundi vya ngoma na wachoraji wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Magu, Musoma na Bukoba. Majibu yameandikwa na sisi tunaopokea wasifu, kuuhariri na kuupeleka kwa mchapaji. Jibu la mfano mmoja ni refu kuliko yote kwa sababu ndilo linaloonyesha kazi yenyewe inavyofanyika.

## Wasifu huu ni wa nani hasa?

Ni wa mtu aliyesimama viwanja vya Furahisha saa kumi jioni, kitabu cha programu mkononi na mtoto begani. Hakujui. Ana nusu dakika ya kuamua kama asogee jukwaani kwako au aende kwanza kula sato. Anataka kujua utapiga nini, nani atakuwa nawe, na kwa nini muziki wako unasikika hivyo unavyosikika.

Si wa mfadhili, na si wa kamati iliyokuchagua, maana hao walishasoma maombi yako. Wasanii wengi hutuletea karatasi ileile waliyoiandikia ofisi, yenye malengo, dira na namba za usajili. Tukiichapa hivyo, msomaji wa uwanjani hapati kitu cha kushika.

## Uwe na urefu gani?

Maneno 100, au pungufu kidogo. Kitabu chetu ni cha ukubwa wa A5, na wasifu wa maneno 100 pamoja na picha hukaa vizuri kwenye nusu ukurasa. Ukileta maneno 300 tutakata, na huenda tukakata kile ulichokipenda. Tunaomba pia toleo fupi la maneno kama 35 kwa ajili ya bango na ukurasa wa ratiba.

## Niandike "mimi" au "yeye"?

Andika "yeye". Mshereheshaji naye hutumia maandishi hayohayo kukutambulisha, na hawezi kusema "mimi nilizaliwa Magu" akikusudia wewe.

## Mlinirudishia wasifu mkasema una madai matupu. Dai tupu ni lipi?

Ni sentensi ambayo ukifuta jina lako na kuweka la mwanamuziki mwingine, inabaki vilevile. Jaribu na hii: "si jina geni masikioni mwa wapenzi wa muziki." Weka jina la mpiga gitaa wa Tanga, weka la mwimba kwaya wa Mbeya, sentensi inawatosha wote. Kwa hiyo haijasema lolote juu yako.

Tunayoyapokea mara nyingi ni haya: mwenye kipaji cha kipekee, amejizolea umaarufu ndani na nje ya nchi, anachanganya vionjo vya asili na vya kisasa, nyimbo zake zina ujumbe mzito kwa jamii, ndoto yake ni kuipeperusha bendera ya taifa. Hatuyakatai kwa sababu ni uongo. Huenda yote ni kweli. Tunayakataa kwa sababu msomaji hawezi kuyaona wala kuyasikia utakapopanda jukwaani, na kila moja limekalia nafasi ya jambo ambalo angeweza kulisikia.

Chukua "vionjo vya asili na vya kisasa". Nyuma ya maneno hayo huwa kuna uamuzi halisi: mtu ameweka gitaa la besi chini ya wimbo wa wakulima, au ameacha ngoma moja tu kati ya nne, au ameimba kwa Kisukuma juu ya mdundo wa singeli. Tuambie uamuzi huo, kwa maneno yaleyale ungemwambia mpigaji mwenzako wakati wa mazoezi.

## Mnaweza kutuonyesha mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho?

Ndiyo. Mfano huu tumeutunga wenyewe kwa kufuata aina ya maandishi tunayopokea, kwa hiyo msanii wake hana jina; tutamwita Fulani. Maandishi ya kwanza yanakuja hivi:

> Fulani ni msanii mahiri mwenye kipaji cha kipekee, na si jina geni kwa wapenzi wa muziki wa asili Kanda ya Ziwa. Alianza muziki tangu akiwa mdogo na amejizolea umaarufu mkubwa ndani na nje ya nchi. Muziki wake unachanganya vionjo vya asili na vya kisasa na kubeba ujumbe mzito kwa jamii. Ameshapanda majukwaa mengi makubwa na kushirikiana na wasanii mbalimbali. Ndoto yake ni kuipeperusha bendera ya Tanzania kimataifa. Kaa mkao wa kula!

Soma tena, kisha ujiulize Fulani anapiga ala gani. Haimo. Anaimba kwa lugha gani? Haimo. Anatoka wapi? "Kanda ya Ziwa", eneo ambalo msafiri humaliza siku akilivuka. Yuko peke yake au na wenzake? Hatujui.

Hapo hatuanzi kuhariri, kwa sababu hakuna cha kuhariri. Tunampigia simu.

Swali la kwanza ni la ala: unapiga nini, na ya kwanza kuishika ilikuwa ya nani? Anajibu kwamba anapiga enanga, ile ala ya Wahaya iliyochongwa kama kihori kirefu cha mbao, uzi wake mmoja ukipitishwa huku na huko hadi kupata nyuzi saba. Ilikuwa ya babu yake mzaa mama, huko Muleba. Tunauliza babu alimfundishaje. Anasema hakuanza na nyuzi. Kwa miaka kadhaa alikuwa mwitikiaji tu, akiwafuata wazee kwenye harusi, na maneno ya nyimbo aliyajua yote kabla vidole havijajua kitu. Sasa tumepata maana ya "tangu akiwa mdogo".

Swali la pili tunalipenda kuliko mengine: ni kitu gani kilibadilika katika upigaji wako, na kilibadilishwa na nini? Kimya kidogo kwenye simu. Kisha anaeleza kwamba mwaka 2009 alihamia Mwanza kupokea ndizi za ndugu zake zinazokuja kwa meli. Siku moja uzi wa enanga ukakatika. Ulikuwa wa kano za ng'ombe, na kwa kuwa ni mmoja unaozunguka, ukikatika mahali pamoja ala nzima inanyamaza. Hakumjua mtu mjini wa kumsokotea mwingine. Akaingia duka la zana za uvuvi Kirumba, akanunua mshipi wa nailoni.

Mlio ukawa mwingine kabisa. Kano hunyonya unyevu wa hewa na kulegea, na mlio wake hufa upesi. Nailoni mpya nayo hunyumbuka siku za mwanzo, hata akawa anakaza kila baada ya wimbo, lakini ilipotulia ikawa inang'aa na kuendelea kulia muda mrefu baada ya kidole kuondoka. Maneno ya babu, ambayo hufuatana mbiombio bila pumziko, yakaanza kugongana na mlio uliokuwa bado haujaisha. Fulani akapunguza maneno. Akaacha nafasi mwishoni mwa kila mstari ili nyuzi zimalizie.

Hii ndiyo hadithi ya ubunifu wake. Kuna sababu, ambayo ni uzi kukatika mjini. Kuna uamuzi, ambao ni kupunguza maneno. Kuna matokeo ambayo mtu yeyote uwanjani atayasikia, hata asiyejua Kihaya. Alipoandika "vionjo vya asili na vya kisasa" alikusudia mshipi wa nailoni, ila hakudhani kwamba jambo dogo kama hilo lina thamani kwa mtu mwingine.

Swali la tatu: kwenye tamasha utaimba nini? Simulizi ya ukoo wa mama yake, ambayo kijijini huchukua karibu saa nzima naye ameifupisha hadi dakika 12, na nyimbo mbili alizotunga akiwa Kirumba. La nne: utapanda na nani? Na dada yake anayeitikia, na kijana wa Kisesa anayepiga ngoma.

Kutokana na simu hiyo tunaandika:

> Fulani hupiga enanga, ala ya nyuzi saba ya Wahaya, na kuimba kwa Kihaya. Alikulia Muleba, ambako aliwaitikia wazee kwenye harusi kwa miaka kadhaa kabla ya kushika ala ya babu yake. Mwaka 2009 alihamia Mwanza kupokea ndizi zinazoshushwa bandarini. Uzi wake wa kano za ng'ombe ulipokatika, aliifunga enanga upya kwa mshipi wa nailoni wa wavuvi. Mlio ukawa mrefu zaidi, naye akapunguza maneno ili nyuzi zipate kumalizia. Katika onyesho hili ataimba simulizi ya ukoo wa mama yake kwa dakika 12, na nyimbo mbili alizotunga Kirumba. Anaitikiwa na dada yake. Ngoma inapigwa na kijana wa Kisesa.

Haifiki maneno 100. Hakuna sifa hata moja ndani yake, na bado msomaji anaondoka akijua kwamba huyu ni mtu anayefikiri juu ya sauti. Angalia pia maneno "katika onyesho hili" badala ya "leo" au "usiku huu": tamasha lina siku zaidi ya moja, na ratiba hubadilika baada ya kitabu kuchapwa. Katika kitabu chenyewe, dada na kijana wa ngoma hutajwa kwa majina yao.

Toleo fupi linatoka humohumo:

> Fulani hupiga enanga ya Wahaya aliyoifunga mshipi wa nailoni wa wavuvi badala ya kano za ng'ombe. Mzaliwa wa Muleba anayeishi Mwanza, ataimba simulizi ya ukoo wa mama yake kwa Kihaya, akiitikiwa na dada yake.

Tulipokata, tulibakiza uzi na simulizi. Biashara ya ndizi imeondoka, kwa sababu bila nafasi ya kueleza ilivyomleta mjini inabaki habari ya pembeni.

## Mimi sina hadithi kama hiyo. Sijakatikiwa na uzi. Niandike nini?

Tatizo hapa huwa ni swali ulilojiuliza. Ukijiuliza "hadithi yangu ni ipi?" utatafuta jambo kubwa, na usipolipata utarudi kwenye sifa. Jiulize badala yake: ni kitu gani nilikuwa nafanya zamani katika wimbo au picha, na sasa sifanyi? Nimekiacha kwa nini? Kila msanii aliyefanya kazi kwa miaka michache ana jibu.

Mpiga kinanda wa kwaya atasema alianza kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake pale ambapo sauti ya nne ilikosa waimbaji. Mwimbaji wa bongofleva atasema alihamia kuimba chini kidogo kwa sababu chumba anachorekodia kipo kando ya barabara ya Nyerere na sauti ya juu huingiliana na honi. Haya ndiyo mambo tunayotaka. Usiyaongezee chumvi. Kama sababu ilikuwa ukosefu wa fedha, sema hivyo kwa maneno manne na uendelee.

## Je, nitaje maisha magumu niliyopitia?

Taja kama yameingia kwenye kazi, na kama uko radhi watu elfu kadhaa wayasome, wakiwamo majirani na wanao. Tunauliza mambo hayo mawili kila mara. Kufiwa na mzazi ni jambo zito, lakini likiwekwa kwenye wasifu bila uhusiano na muziki linageuka ombi la huruma, na msomaji anakutazama jukwaani kwa jicho ambalo hukulitaka. Lakini ukisema kwamba ngoma unayopiga ni ya marehemu baba yako, na kwamba hujabadilisha ngozi yake kwa sababu ndiyo aliyoiwamba, hilo ni jambo la muziki na linasikika.

Habari za mtu mwingine, mathalani mwenza wako, mtoto wako au mwalimu wako aliyeugua, hatuzichapi mpaka mwenyewe akubali.

## Tuzo, safari za nje na idadi ya watazamaji vinaruhusiwa?

Vinaruhusiwa vikiwa na jina, mahali na mwaka. "Amepiga nje ya nchi" tutaiuliza: wapi? Ikiwa ni Kisumu mwaka 2018, andika Kisumu, 2018. Hakuna aibu katika Kisumu. Ni ufuko wa ziwa hilihili, na msomaji anayelijua atakuelewa upesi kuliko kama ungesema "kimataifa". Ukiwa ulipanda Sauti za Busara kule Zanzibar au tamasha la TaSUBa Bagamoyo, taja mwaka na jukwaa. Waandaaji wenzetu huhifadhi programu zao, na tunaweza kuhakikisha.

Idadi ya watazamaji wa Yutubu hatuipendi. Unatuletea namba mwezi wa tatu, kitabu kinatoka mwezi wa sita, na mtu anafungua simu yake akiwa uwanjani anakuta namba nyingine.

## Naweza kuandika kwamba mimi ni wa kwanza, au mwanamke pekee, kufanya jambo fulani?

Ukiwa na njia ya kulithibitisha, ndiyo. Mara nyingi haipo. Pwani ya ziwa hili ni ndefu na wapigaji wengi wa vijijini hawakurekodiwa, hivyo "mwanamke wa kwanza kupiga zeze" huwa na maana ya wa kwanza aliyeonekana mjini. Bibi wa kijiji fulani atasoma na kuhuzunika, na atakuwa na haki. Punguza dai hadi pale unapolijua: "katika kikundi chao cha watu 14, yeye ndiye mwanamke anayepiga ngoma kubwa." Hilo linaonekana kwa macho, na kusema kweli linavutia zaidi.

## Sisi ni kikundi cha ngoma. Wasifu wetu uandikweje?

Vikundi vya Usukumani vina habari nyingi sana ambazo huachwa nje, na zinazoingia ni "kikundi bingwa chenye nidhamu". Anza na mambo manne: mnatoka kijiji gani, ngoma yenu inaitwaje, wangapi watakuwa jukwaani, na wanashika nini mikononi. Wachezaji wa bugobogobo hushika majembe, na ngoma hiyo ilitokana na kazi ya kulima kwa pamoja. Mgeni akilisoma hilo kabla, jembe likirushwa juu anajua anatazama nini. Bayeye hucheza na nyoka. Hilo lazima liandikwe waziwazi, pamoja na umbali ambao watu watatakiwa kukaa.

Kisha semeni mko upande gani. Msukuma yeyote atataka kujua kama ninyi ni Bagika au Bagalu, kwa sababu vyama hivi viwili vya wachezaji vimeshindana vizazi na vizazi, na kila mwaka hukutana kwenye Bulabo pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Mgeni hajui, basi mpeni sentensi moja: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watu wengi zaidi. Mkiwaeleza hivyo, mtaona watazamaji wa tamasha nao wanaanza kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na ngoma itakuwa imepata kilicho chake.

Mkisema mlishinda, tajeni mwaka, na dhidi ya kikundi gani. "Bingwa" bila mpinzani hatulichapi.

Mtajeni ningi wenu kwa jina, yaani yule anayetunga na kuongoza nyimbo. Vikundi vingi humtaja mwenyekiti na mlezi, na kumsahau mtu ambaye maneno yake ndiyo yataimbwa. Nyimbo za ngoma zina mwenyewe, hata kama hazijaandikwa popote.

## Na mchoraji je? Picha zake zinaonekana, wasifu una kazi gani?

Wasifu wa mchoraji unajibu swali ambalo picha haiwezi kulijibu: kwa nini anatumia kitu hiki na si kile. Usieleze picha zenyewe. Hiyo ni kazi ya kibandiko cha ukutani, chenye jina la kazi, mwaka, vifaa na ukubwa, kimo kikitangulia upana.

Mfano unaofahamika ni Edward Saidi Tingatinga. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba wa viwandani. Alifariki mwaka 1972, lakini mng'ao ule na uwanja wenye rangi moja nyuma ya mnyama bado ndivyo watu wanavyoitambua Tingatinga. Mambo mawili ya vifaa yanatueleza mengi kuliko "mchoraji nguli".

Sasa mchoraji wa Mwanza anatuletea: "Kazi zake zinazungumzia mazingira na kuelimisha jamii." Tunauliza mazingira gani. Tuseme jibu ni samaki. Samaki gani? Furu. Hapo tunajua tumefika mahali penye kina, kwa sababu sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimepungua vibaya au kutoweka. Tunaendelea kuuliza: unachora juu ya nini? Juu ya mbao za mitumbwi iliyovunjwa. Kwa nini? Kwa sababu zina matundu ya misumari na rangi za zamani, naye huziacha zionekane pale ambapo samaki hayupo. Wasifu umeshajiandika: "Huchora furu kwa rangi za akriliki juu ya mbao za mitumbwi iliyovunjwa, akiacha rangi ya zamani ya mtumbwi pale ambapo samaki hawapo tena." Neno mazingira halihitajiki, wala kuelimisha.

Kosa la kawaida kwa wachoraji ni maneno ya falsafa yaliyookotwa huku na kule: uhusiano wa mwanadamu na nafsi, safari ya ndani, mazungumzo ya nuru na kivuli. Tukikutana nayo tunamwomba mchoraji asimame mbele ya picha moja na kutuonyesha kwa kidole mahali hapo pa nuru na kivuli. Akipaonyesha, tunaandika alichoonyesha.

## Nitaje kabila langu?

Taja lugha unayoimba na ala unayopiga, na kwa kawaida hilo limetosha. Kuna wapigaji wa nyatiti ambao si Wajaluo na wapiga enanga waliojifunza Mwanza. Pale ambapo desturi ya ukoo ndiyo iliyokupa wimbo, kama kwenye simulizi ya Fulani, itaje.

## Jina la jukwaani au la kitambulisho?

La jukwaani, kwa herufi zilezile kila mahali. Jina lililo kwenye usajili wako BASATA tunalihitaji ofisini kwa mkataba na malipo. Kitabuni haliingii mpaka utake.

## Mtautafsiri kwa Kiingereza?

Ndiyo, kwa sababu ya wageni, na wewe utaona tafsiri kabla haijachapwa. Majina ya ala, ngoma na vijiji hatuyatafsiri. Ukurasa wa Kiingereza huhitaji nafasi zaidi, kwa kuwa kitenzi kimoja cha Kiswahili mara nyingi hudai maneno matatu au manne. Ndiyo sababu nyingine ya kutotuletea maneno 150 ukitumaini yatapenya.

## Kwa nini mnasoma wasifu kwa sauti kabla ya kuupokea?

Kwa sababu mshereheshaji atausoma. Wasifu wa maneno 100 huchukua kama dakika moja, nao ndio muda ambao fundi sauti anaunganisha nyaya zako. Sentensi yenye majina sita na mikato minne inamkata pumzi, na ndipo anapoanza kuongeza ya kwake: "mkali wao, hatari sana, mpigieni makofi!" Sentensi zikiwa fupi, anasoma kilichoandikwa. Tuandikie pia jinsi jina lako linavyotamkwa kama si la kawaida.

## Picha iwe ipi?

Ukiwa na ala yako mkononi, au mchoraji mbele ya kazi iliyoanza. Tuletee faili la asili, si lililopitia wasap, maana hupungua na likichapwa linakuwa na ukungu. Andika jina la mpiga picha, tutaliweka.

## Nikikuta kosa baada ya kitabu kuchapwa?

Njoo meza ya wasanii siku hiyohiyo. Karatasi ya mshereheshaji tunaibadilisha papo hapo, na nakala ya mtandaoni jioni. Kwenye kitabu kilichochapwa hatuwezi kufanya kitu, kwa hiyo ukitumiwa nakala ya mwisho kwa wasap na kuombwa uithibitishe, isome yote, ukianza na majina ya wenzako watakaopanda nawe. Hayo ndiyo hukosewa zaidi.